Niliulizwa "È vero?", nikajibu ndiyo

Nina vyumba vinne vya wageni juu ya nyumba ya marehemu baba, Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Wageni wengi huvipata kupitia jukwaa moja la kukodisha malazi mtandaoni. Sitalitaja jina, kwa sababu makosa yaliyotokea ni yangu na ya wezi. Hapa nitaliita `malazi.example`. Anwani zote nitakazoandika nimezibadilisha, lakini namna zilivyopangwa ni ileile niliyoiona kwa macho yangu.

Ijumaa hiyo nilikuwa nakaanga mahamri ya wageni wa chumba cha pili. Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Kiitaliano aliyetarajiwa kufika baada ya siku tisa. Namba yangu ya WhatsApp alikuwa nayo, maana tulishapanga dereva wa kumpokea kituo cha treni Miritini. Alinitumia picha ya skrini yenye maandishi ya Kiitaliano, na chini yake akaandika maneno mawili tu: "È vero?" Yaani, ni kweli?

Kiitaliano sikijui zaidi ya salamu. Nikanawa unga mkononi, nikaipitisha ile picha kwenye Google Lens, ikanigeuzia kwa Kiswahili. Ilisema hivi: mgeni mpendwa, nafasi yako iko hatarini kufutwa, ili kuithibitisha hakikisha kadi yako ndani ya saa 12, hakuna kiasi chochote kitakachokatwa. Juu palikuwa na jina la nyumba yangu na ile picha ya mlango wetu wa nakshi. Rangi na herufi zilikuwa za jukwaa lenyewe, tena ujumbe ulikuwa ndani ya mazungumzo yetu halisi. Nikajiambia hawa watu wa jukwaa kila mwezi wana utaratibu mpya. Nikamjibu kwamba ni kweli, afuate maelekezo.

Mahamri yalikuwa yanaungua. Sisemi hivyo kujitetea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Saa nane mchana akaandika tena. Euro 217 zilikuwa zimeondoka kwenye kadi yake, kiasi kilekile cha siku tano alizokuwa ameagiza kwangu, shilingi 32,500. Akauliza kwa nini nimemtoza sasa wakati tulikubaliana atalipa akifika.

Jioni nikampigia mpwa wangu anayetengeneza simu pale Marikiti. Alikuja baada ya Magharibi, akaketi barazani, akaichukua ile picha. Hakusoma tafsiri kabisa. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kimya, kisha akaniuliza swali ambalo bado linaniumiza.

"Shangazi, hapa nani anasema na nani?"

Nikamwambia jukwaa linasema na mgeni.

"Hebu tazama tena. Hiki kibonge cha maneno kiko upande gani? Picha gani iko kando yake?"

Kando yake palikuwa na picha ya mlango wetu. Ujumbe ule haukutoka kwa jukwaa. Ulitoka kwangu. Yule mama alikuwa ananiuliza kama maneno yangu mwenyewe ni ya kweli, nami nikamjibu ndiyo, ilhali sikuyaandika. Laiti ningefungua mazungumzo yetu kwenye programu ningeyaona yamekaa pale kwa jina langu, yametumwa saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimelala. Lakini niliangalia picha aliyonitumia tu, na Lens ilikuwa imefunika kila kitu kwa maandishi yake meupe. Nikasoma maneno, nikasahau kuangalia msemaji.

Tangu hapo, ukiniletea picha ya ujumbe wa lugha nisiyoijua, tafsiri naiacha kwanza. Natafuta nani anasema, kwa nani, na juu yake palikuwa na maneno gani. Ndiyo maana naomba picha nzima, isiyokatwa kingo, pamoja na jumbe mbili tatu za nyuma. Kwenye mazungumzo yetu na yule mama kulikuwa na dalili kubwa kuliko zote. Jumbe zangu zote za nyuma zilikuwa kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, "you welcome my house". Halafu ghafla nyumba hiyohiyo ikaanza kusema Kiitaliano fasaha. Nilimsomea rafiki yangu aliyeuza vinyago Malindi miaka mingi, anayekizungumza Kiitaliano kama mwenyeji. Akasema hakuna kosa hata moja, na wamemwita mgeni kwa ile namna ya heshima wanayotumia watu wa benki na hoteli. Kwa hiyo ule ushauri wa zamani kwamba utapeli unajulikana kwa makosa ya sarufi usiutegemee. Lugha ilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliopaswa kunishtua, kwa sababu mimi siijui.

Kisha tukaja kwenye anwani. Chini ya ujumbe ilikuwa hivi, imevunjika mistari miwili kwenye skrini ya simu:

```
https://malazi.example.conferma-ospite.test/p/48213
```

Mimi niliona `malazi.example` pale mwanzo, moyo ukatulia. Mpwa wangu akaniwekea kidole kwenye mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, ule ulio kabla ya `p`. Akasema simama hapo, yanayofuata kulia kwake hayakuhusu. Sasa rudi nyuma kutoka hapo ulipo, nukta kwa nukta. Kipande cha kwanza ni `test`, cha pili ni `conferma-ospite`. Hivyo viwili ndivyo mwenye nyumba. Vyote vilivyo mbele yake, hata viwe na jina la jukwaa, la benki au la serikali, ni majina ya vyumba tu, na mwenye nyumba huviita atakavyo. Mtu akinunua `conferma-ospite.test` anaweza kuandika mbele yake neno lolote duniani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwetu Kenya kuna kajambo kadogo: anwani nyingi huishia `.co.ke`, `.or.ke` au `.go.ke`, basi hapo unahesabu vipande vitatu badala ya viwili. Na kistari si nukta. `malazi-example.test` haina uhusiano wowote na `malazi.example`, ingawa jicho linaona maneno yaleyale.

Yule mama alikuwa pia amenitumia picha ya ukurasa wa malipo wenyewe. Juu kwenye ule mstari wa anwani palionekana `malazi.example.conf` halafu vinukta, maana simu yake ilikuwa imekata sehemu iliyobaki. Hapo ndipo picha inapokudanganya. Sehemu ya anwani inayosema ukweli ilikuwa imefichwa na ile ya uongo ndiyo iliyobaki wazi. Kikufuli nacho kilikuwepo. Kikufuli maana yake ni kwamba hakuna mtu wa kati anayesoma unachokituma njiani, hakisemi chochote kuhusu aliye upande wa pili. Mwizi naye hupata kikufuli, tena bure. Na kitufe chenye maandishi ya "Verifica" hakina anwani ndani ya picha, ni rangi tu. Ukitaka kujua kinaelekea wapi, mwenye simu abonyeze linki kwa muda mrefu bila kuachia mpaka simu imwonyeshe anwani, ainakili, aibandike mahali pa kuandikia kawaida. Siku hizi namwomba mtu anitumie akiweka nafasi kabla ya kila nukta, ili nisije nikaigusa kwa bahati mbaya.

Kwenye ukurasa ule wa malipo mpwa wangu alinionyesha na jambo la tatu, na hili lilionekana hata kwenye tafsiri laiti ningetulia. Ujumbe ulisema "Non verrà addebitato alcun importo", hakuna kitakachokatwa. Ukurasa wenyewe, juu ya pale pa kuandika namba ya kadi, ulisema euro 217,00 zitazuiwa kwa muda. Maneno mawili yanayopingana ndani ya dakika moja. Tena walitaka namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, kwa mgeni ambaye makubaliano yake ni kulipa taslimu akifika. Ile 217 ndiyo iliyomlainisha yule mama. Alisema mwizi angejuaje bei kamili? Walijua kwa sababu walikuwa wamekaa ndani ya akaunti yangu, wanasoma daftari la wageni wote.

Waliingiaje? Hapo ikabidi nifungue kinywa.

Siku tatu kabla, "mgeni" mmoja aliniandikia kwa Kiingereza kwamba alisahau hati ya kusafiria chumbani, na ameweka picha yake kwenye linki ili nimsaidie kuitafuta. Niligusa. Ukafunguka ukurasa wa kuingia kwenye jukwaa, ule ninaouona kila siku. Kawaida simu yangu hunijazia neno la siri yenyewe. Siku hiyo haikujaza. Nilibonyeza kisanduku mara mbili, tatu, ikanyamaza. Nikailaani, nikapanda ghorofani kutafuta kile kidaftari changu cha nywila, nikaandika kwa mkono herufi moja moja. Halafu ikaja namba ya siri kwa meseji, kutoka kwa jukwaa halisi kabisa, nikaiandika nayo. Ukurasa ukasema kuna hitilafu, jaribu baadaye.

Bahati nzuri nilikuwa nimeipiga picha skrini ile ili nimlalamikie mpwa wangu kuhusu simu kutojaza, na sikumtumia. Sasa akaiona. Akaikuza mpaka anwani ikajaa skrini:

```
rnalazi.example
```

Tazama vizuri. Haianzi na m. Ni r na n zimebanana. Kwenye skrini ndogo, kwa macho ya miaka 54 yasiyo na miwani, hiyo ni malazi. Tulipoipitisha picha hiyo kwenye Lens, nayo ikasoma `malazi.example`. Nilicheka kwa uchungu, lakini lina maana: chombo kinachosoma maandishi kwenye picha hukisia herufi iliyo karibu zaidi, na kinapokisia kinafuta ile dalili uliyokuwa unaitafuta. Ni hivyohivyo wanapochanganya herufi za Kirusi, ambazo a na o zake zinafanana na zetu kwa jicho lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Anwani ya namna hiyo ukiinakili kama maandishi na kuibandika kwenye kivinjari, mara nyingi hugeuka ikaanza na `xn--`. Ukiisoma kwenye picha huwezi kugundua. Kwa hiyo tafsiri iache kwa maneno ya ujumbe, na anwani isome wewe kwa jicho lako kutoka picha ya asili iliyokuzwa, au uipate kama maandishi kutoka kwa mwenye simu.

Simu yangu haikudanganyika kwa sababu yenyewe haitazami sura ya ukurasa. Inalinganisha anwani herufi kwa herufi, na `rnalazi` haikuwa kwenye orodha yake. Ilinikatalia mara tatu. Mimi nikaenda kuleta kidaftari.

Na ile meseji ya namba ya siri? Ilikuwa halali. Nilipoandika neno la siri kwenye ukurasa wao, wao wakaliandika papo hapo kwenye jukwaa la kweli, jukwaa likanitumia namba, nami nikawakabidhi. Kwa hiyo kuja kwa namba kutoka mahali halali hakuthibitishi kwamba ukurasa ulio mbele yako ni halali. Hilo limewaponza wengi ninaowajua hapa mjini, maana sote tumezoea kuamini "wamenitumia namba ya siri".

Usiku ule tulibadilisha neno la siri kwa kutumia simu ya mpwa wangu, tukabonyeza pa kutoa vifaa vyote vilivyoingia, tukabadilisha na la barua pepe. Kisha tukakuta kitu ambacho nisingekifikiria: kwenye ujumbe wa kujituma wenyewe kwa kila mgeni mpya, walikuwa wamepachika ile linki yao. Tungebadilisha neno la siri tukalala, ingeendelea kwenda kwa jina langu. Wageni saba walikuwa wamepata ujumbe, kila mmoja kwa lugha yake, Kijerumani, Kifaransa, Kipolandi. Niliwaandikia wote usiku huohuo. Watatu walikuwa wameshabonyeza, mmoja zaidi alikuwa amelipa. Jumatatu nikapeleka taarifa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu majina na tarehe za safari za watu zilikuwa zimetoka mikononi mwangu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue. Sikujua kwamba nyumba ya vyumba vinne nayo inaingia humo.

Benki ya yule mama ilimkatalia fidia, ikisema aliidhinisha mwenyewe kwa simu yake. Mimi nikamwambia siku tano zake hatalipa. Mume wangu alinuna wiki nzima. Lakini ni mimi niliyeandika ndiyo.

Mpwa wangu alinifundisha pia kuangalia tarehe ya kusajiliwa kwa anwani, kwenye `lookup.icann.org`. Unaandika zile sehemu mbili za mwisho, linakuja neno `Created`. Ile `conferma-ospite` ilikuwa na siku sita tangu isajiliwe. Jukwaa la kimataifa halihakiki kadi za watu kwenye anwani ya siku sita. Lakini anwani kongwe si cheti cha uaminifu, maana wezi huvamia tovuti za watu wengine zenye miaka kumi na kuweka kurasa zao humo. Kuna pia `urlscan.io`, inayokufungulia ukurasa kule kwake na kukuletea picha. Tulipoiweka linki yetu ilirudisha ukurasa mweupe, nami nikafurahi kwamba pengine si kitu. Mpwa wangu akasema hapana, kurasa hizi mara nyingi hujificha zisipofunguliwa na simu ya nchi wanayoilenga. Ukurasa mweupe haukwambii lolote. Na ukiitumia, usichague uchunguzi wa hadharani, kwani linki ya namna hii wakati mwingine hubeba jina na nafasi ya mgeni ndani yake, na mtu yeyote ataiona.

Ukishaumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka. Mwezi wa Machi Mjerumani mmoja alinitumia picha ya ukurasa wa Kijerumani: aidhinishe malipo ya amana kwangu, haraka, dakika tano zinahesabika. Nikarudi nyuma nukta kwa nukta, nikakuta jina ambalo si la benki yake wala la jukwaa. Nilitaka kumwambia afunge, ni wezi. Nikajizuia, nikamwambia asiguse chochote kwenye ukurasa huo, afungue programu ya benki yake mwenyewe kama afanyavyo siku zote, atazame kama kuna ombi linalomsubiri. Likawepo, kiasi kilekile, jina la nyumba yangu. Ukurasa ulikuwa wa kampuni ambayo benki imeipa kazi ya kuhakiki kadi, na anwani yake ni ya kampuni hiyo. Kwa kuitazama picha peke yake ningekosea, safari hii upande wa pili.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa "ni kweli?" sijibu ndiyo wala la kutoka kwenye picha, isipokuwa anwani ichekeshe waziwazi. Namwambia mtu aende kwa njia yake mwenyewe: programu aliyonayo tayari, au anwani anayoiandika kwa mkono. Kama jambo ni la kweli atalikuta linamngoja kule. Na ikiwa ujumbe una jina langu, kabla sijajibu nafungua mazungumzo upande wangu nione kama nimeuandika.

Yule mama alikuja, siku tisa baadaye. Asubuhi ya kwanza alishuka jikoni akanikuta nakaanga, simu iko kwenye rafu ya juu, nimeilaza kifudifudi. Akaionyesha kwa kidole, akacheka, akavuta kiti.